Karatasi Mbili za Kujitambulisha

Mpaka leo, mtu akisimama mbele ya kikao akasema, "Haya, tuanze kwa kujitambulisha," mate yananijaa mdomoni kama mwanamke mwenye mimba changa. Si woga. Woga naujua, unakaa tumboni. Hiki ni kinyaa, kinakaa kooni na kina harufu yake, harufu ya mahindi yaliyovunda ndani ya gunia. Wenzangu wanadhani nina haya. Nawaacha wadhani hivyo.

Mimi ni mpimaji wa ubora wa nafaka. Nimezaliwa Tanzania, nimesomea Tanzania, na nilifanya kazi huko miaka kadhaa kwenye mradi wa kupima sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Mradi ulipokwisha nikakaa nyumbani, nikituma barua za kazi hadi nikachoka kusoma jina langu mwenyewe. Kisha nikapata kazi Busia, upande wa Uganda, kwenye ghala moja linalonunua mahindi ya wakulima wa Mwello, Molo, Petta na kwingineko Tororo, na kuyauza ng'ambo ya mpaka, Kenya. Wanunuzi wa Kenya walikuwa wameanza kukataa mzigo ambao haukupimwa. Ghala likahitaji mtu mwenye cheti. Cheti nilikuwa nacho.

Kitu ambacho sikuwa nacho ni Kiingereza cha mdomoni. Msidhani sikusoma. Sekondari na chuo nilisoma kwa Kiingereza, mitihani nikaifanya kwa Kiingereza na nikafaulu. Lakini mwalimu wetu alikuwa akiandika ubaoni kwa Kiingereza, halafu anageuka na kutueleza kwa Kiswahili, nasi tunabishana kwa Kiswahili, tunacheka kwa Kiswahili, tunarudi kuandika. Kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa na macho na mikono, mdomo hakikuwa nao. Nikikisoma hakinishindi. Nikitakiwa kusimama na kukisema mbele za watu, kinaniacha njiani.

Nilifika siku ya Alhamisi. Niliposikia Kiswahili sokoni nikashangilia moyoni, nikasema hapa nimefika kwa ndugu. Kiswahili cha pale kina viraka, lakini kinakwenda. Mama aliyeniuzia chai aliniambia, "Wewe natoka Tanzania? Kiswahili yako natamu, inakuwa kama ya redio." Nilicheka, nikanywa vikombe viwili. Sikujua kwamba lugha ile inaishia kwenye kizingiti cha ofisi.

Meneja alinipokea vizuri, hilo sitamnyima. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye leso nyeupe aliyoitumia kufuta shingo kila baada ya sentensi mbili, na tabasamu ambalo halikuzimika hata alipokuwa akigomba. Nilimwamkia shikamoo. Akanitazama, akacheka, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili ni lugha ya wapakiaji na askari, na mimi ni mtu wa kitaalamu. Toka siku ile hakunisemesha Kiswahili, ingawa nilimsikia kwa masikio yangu akiwatukana madereva kwa Kiswahili kisichokosa kitu.

Ijumaa akaniita ofisini, akanipa karatasi iliyopigwa chapa. Akasema Jumatatu kutakuwa na kikao cha kunikaribisha, na mteja mkubwa kutoka Kenya atakuwepo, nami nitajitambulisha. Sasa, kwetu kujitambulisha ni jambo la pumzi moja. Unasema unaitwa nani, umetoka wapi, umefurahi kuwepo, unakaa. Kule si hivyo. Kule mtu anasimama na kujieleza mpaka watu waridhike: jina lake, kwao, kazi yake, kanisa lake, ameolewa au hajaolewa, na mambo aliyoyafanya pale kazini. Ukiwa mfupi wa maneno unaonekana una unachoficha. Kwa hiyo meneja, kwa huruma yake, alikuwa amenitungia.

Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama. Sentensi ya kwanza haikuwa na neno: jina, nchi, chuo. Ya pili ilisema ninamshukuru Mungu na uongozi. Ya tatu ilisema hivi, nami naitafsiri neno kwa neno: "Mimi mwenyewe nimechukua sampuli na kupima kila shehena iliyomo katika ghala hili, na ninathibitisha kwamba ni salama." Nilirudi juu nikaisoma tena. Ghala lenyewe nilikuwa sijaingia.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kukwamakwama, "Bwana, mimi bado... bado sija..." Neno likapotea. Akalitafuta kwa ajili yangu, akalipata, akacheka. "Madamu, huko ni kujitambulisha tu," akasema. "Utapima baadaye. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la kwetu kabisa. Kwetu mkubwa akikuuliza kama umeelewa, unasema ndiyo hata kama hukuelewa au hukubali, halafu unakwenda kutafuta njia ya pembeni ya kumrudia, kupitia kwa mtu, polepole, bila kumvunjia heshima. Mkubwa wa kwetu anajua kwamba ile ndiyo ya kwanza ni salamu. Mkubwa wa kule aliihesabu kuwa ni ndiyo, akafuta shingo, akaendelea na simu yake.

Jumamosi nikaomba kuonyeshwa ghala. Karani wa ghala, mwanamke wa makamo, Msamia wa palepale Busia, alinifungulia mlango akaniambia "Mulembe," ndiyo salamu yao, nami nikamjibu hivyohivyo. Alinionyesha boksi la vifaa vya kupimia. Lilikuwa kwenye rafu, juu ya makopo ya rangi, na utepe wake wa gundi haujaguswa. Vijiti vya kupimia, kisomeo chake, chupa za kuchanganyia, vyote, kwa maandishi ya juu ya boksi, vilikuwa ndani kama bibi harusi ambaye hajafunuliwa. Bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia na kutoa punje, lilikuwa limetundikwa msumarini, na buibui walikuwa wamelifanya makazi.

Ghala lilikuwa na safu mbili kubwa za magunia. Ya mbele, karibu na mlango, ilikuwa safi. Nilichoma gunia hapa na pale, punje zikatoka kavu, zinalia kama changarawe mkononi. Nikaanza kumwonea aibu meneja wa watu kwa mawazo mabaya niliyokuwa nayo. Kisha nikapita pembeni, kwenye upenyo mwembamba, nikaenda safu ya nyuma.

Harufu ilinipokea kabla sijafika. Ni harufu ya sakafu ya choo kilichofungwa muda mrefu, imechanganyika na pombe. Nikafungua kamba ya gunia moja nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Mahindi yalikuwa ya moto. Si ya vuguvugu, ya moto, kama uji uliofunikwa. Nilipoutoa mkono, punje zilikuwa zimenigandia kwenye ngozi kwa utelezi, nyingine zimevaa manyoya ya kijani kibichi, nyingine manjano, na dumuzi wanatambaa juu ya kidole changu cha pete bila haraka. Paa lilikuwa linavuja upande ule. Tena mengine, ilionekana wazi, yalianikwa chini kwenye udongo badala ya turubai, maana kulikuwa na kinyesi cha mbuzi kimekaukia humo.

Nilitapika. Sikuona haya, nilitapika palepale kando ya ukuta, na karani akaniletea maji bila kuuliza. Alikuwa ameshaona wengine.

Niliosha mkono kwa sabuni mara nne siku ile na harufu haikutoka. Kilichonitia kinyaa zaidi si ukungu. Ukungu ni kazi yangu, nimeuona tangu ujana. Kule nyumbani nilishaona pia mtoto aliyekula uji wa mahindi ya namna ile siku baada ya siku, macho yake ya manjano na tumbo limejaa maji, na mama yake ananiuliza mimi, kwa kuwa nilivaa koti jeupe, kama ni uchawi. Kilichonichefua ni ile sentensi ya tatu. Mtu aliketi kwenye kiti, akijua safu ya nyuma ikoje, akaipiga chapa sentensi ile taratibu, nukta na mkato mahali pake, akaniwekea mdomoni.

Jumapili sikwenda kokote. Nilikaa chumbani nikaandika karatasi yangu mwenyewe. Ilikuwa fupi, kama ya mtoto wa darasa la tano: Nimefika Alhamisi. Sijapima kitu. Safu ya nyuma ina unyevu na ukungu. Naomba siku mbili nipime kabla ya kuuza. Kwa Kiingereza. Niliisema mbele ya kioo, niliisema nikichuja chai, niliisema mpaka ikawa haina ladha. Jumatatu asubuhi nikavaa sketi yenye mifuko miwili. Karatasi ya meneja kulia, yangu kushoto.

Kikao kilikuwa ndani ya ghala, viti vya plastiki vimepangwa mbele ya ile safu nzuri. Watu wa ofisi viti vya mbele, wapakiaji wamekaa nyuma juu ya magunia matupu. Mteja alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, amefunga kitambaa kichwani, amevuka asubuhi ile kutoka Busia ya Kenya kwa bodaboda. Malori yake mawili yalikuwa nje, matupu, mgongo yameelekeza mlangoni. Kazi yake, nilielezwa, ilikuwa kupeleka mahindi kwenye shule za bweni.

Tukaanza kwa sala. Kisha utambulisho ukazunguka, kiti kwa kiti. Kila mmoja alisimama, akajieleza kwa Kiingereza, na kila alipomaliza meneja aliinua mkono na kusema, "Kilo!" Hapo watu wote wanasugua viganja na kupiga makofi kwa mpigo mmoja, kwa pamoja, kama walivyofundishwa shuleni. Hayo ndiyo makofi ya kilo. Karani akapata kilo. Mhasibu akapata kilo. Dereva, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu lakini hakujali, akapata kilo mbili.

Nikasimama. Mkono wangu ulikuwa mfuko wa kushoto, naapa. Nikaanza kwa jina langu, nikasema nimetoka Tanzania, na ulimi ukakanyaga neno moja vibaya. Si neno la maana, hata silikumbuki. Meneja akawageukia watu akasema kwa sauti ya mzaha, "Mvumilieni, Watanzania na Kiingereza ni kama paka na maji." Ghala zima likacheka. Mteja naye akatabasamu, si kwa ubaya. Hata mimi nikacheka. Nilicheka, na huku nacheka nikahisi sentensi zangu nne nilizozikariri Jumapili nzima zinaanguka mojamoja, kama meno ya kizee.

Nikautoa mkono kwenye mfuko wa kushoto. Nikauingiza wa kulia.

Nitasema ukweli maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Sikutishwa na mtu. Hakuna aliyenishikia kisu. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, basi. Mwanamke mzima, mwenye shahada, aliyewahi kumwona mtoto mwenye macho ya manjano, nilisoma karatasi ya meneja kwa sababu ilikuwa imeandikwa Kiingereza kizuri na sikuwa na hofu ya kujikwaa ndani yake. Niliisoma vizuri sana. Sentensi ya tatu niliisoma vizuri kuliko zote. Mimi mwenyewe nimechukua sampuli. Kila shehena. Ninathibitisha. Karani alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao na aliandika yote.

"Kilo!" meneja akasema, na ghala likalia kwa makofi. "Na nyingine!" Wakapiga nyingine.

Nilikaa chini na kinywa changu kilikuwa na ladha ya sarafu. Nilitazama viatu vyangu. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwa najua kama naiweza, chuki ya kutaka kujivua ngozi na kuianika mbali.

Kikao kilipokwisha mteja alinijia moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono uleule wa Jumamosi. Akaniambia kwa Kiswahili, maana alijua nitafurahi, "Dada, wacha nikwambie, sasa nimetulia. Mzigo wa mwisho ulinirudishia aibu, mwalimu mkuu akanipigia akaniuliza kama nataka kuua watoto wa wenyewe. Nikasema sinunui hapa tena mpaka nione kwa macho yangu mtu anayepima. Sasa nimekuona. Ubarikiwe."

Nikasema, "Amina." Hilo ndilo neno nililolipata. Meneja akamchukua kwenda ofisini kunywa chai.

Wapakiaji wakaanza kazi. Walianza na safu ya mbele, lori la kwanza, wanabeba wawiliwawili na kuimba kwa sauti ya chini. Nilisimama mlangoni kama nyapara. Kiongozi wao, mtu mzima mwenye mvi na gunia tupu begani la kuzuia vumbi, alipita mbele yangu mara tatu bila kunitazama. Mara ya nne akatua mzigo.

"Madamu," akasema, "hii mahindi wewe napima lini? Sisi nalala hapa na nashinda hapa. Sisi hapana ona wewe napima."

Nikamwuliza, "Kama mlijua, mbona mlipiga makofi?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Boss nasema kilo, tunapiga kilo. Hiyo ni kazi. Lakini ile maneno nasema ni wewe." Akajifuta jasho. "Hii ya mbele iko mzuri. Hii ya nyuma tunaweka chini kwa lori, halafu ya mbele tunafunika juu. Boss naambia sisi Ijumaa."

Ijumaa. Siku ileile aliyonipa karatasi. Kumbe hata mwenye kubeba gunia alijua utaratibu wa udanganyifu ule mpaka hatua ya mwisho, na alijua kwamba kipande changu ndicho kilichokuwa kimebaki. Mimi nilikuwa ni turubai la juu ya lori.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo mama yangu asingeliamini. Mteja alikuwa na kikombe mkononi. Meneja akafungua tabasamu lake.

Nikasema, "Mama, shikamoo. Nisamehe, sijajitambulisha kwako."

Meneja akaniambia kwa Kiingereza kwamba hii ni ofisi, tuzungumze Kiingereza. Sikumtazama. Nilikuwa nimepata ulimi wangu na sikuwa na nia ya kuurudisha. Nikamwambia yule mama kwa Kiswahili, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi: "Mimi ni mpimaji wa nafaka, nimefanya kazi hiyo miaka, hilo ni kweli. Hapa nimefika Alhamisi iliyopita. Sijapima gunia hata moja. Boksi la vifaa halijafunguliwa, liko kwenye rafu, twende ukalione. Niliyoyasoma pale mbele nilipewa, nami nikayasoma kwa sababu niliogopa kuchekwa. Safu ya nyuma imeoza. Ninasikia kinyaa kukwambia haya, na kinyaa chenyewe ni changu mimi, si chako."

Mama yule aliweka kikombe chini taratibu. Alitazama mkono wake aliokuwa amenishikia, akaupangusa kwenye sketi yake, na kupangusa kule kuliniingia kuliko tusi. Halafu akainuka akatoka, nami nikamfuata, na meneja nyuma yetu akisema hili na lile, kwa Kiswahili sasa, safi kabisa.

Yule mama, mnene kama alivyokuwa, alipita kwenye upenyo mwenyewe akibana pumzi. Akafungua gunia akazamisha mkono. Nilimwona uso ukikunjamana.

"Pima," akaniambia. "Pima nikiona."

Nikapima. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya siku ile nisiyoitapika nikiikumbuka. Nilifuta bambo, nikachoma magunia ya juu, ya kati na ya chini, pande zote za safu, maana ukungu haukai sawasawa. Gunia moja laweza kuwa zima na jirani yake sumu tupu. Yule mpakiaji mwenye mvi alinisogezea magunia ya ndani bila kuombwa. Nilichanganya punje zote, nikazigawa mafungu manne, nikatupa mawili yanayotazamana, nikagawa tena, mpaka zikabaki za kutosha. Nikazisaga, nikapima uzito, nikatia dawa, nikatikisa, nikaacha zitulie. Nikachukua matone, nikatumbukiza kijiti, tukasubiri. Nilipokiweka kwenye kisomeo, kikaandika kwamba kiasi cha sumu kimepita uwezo wake wa kuhesabu.

Nikamweleza mama maana yake. Hakuhitaji maelezo marefu. Akawaambia wapakiaji washushe kila kitu, hata yale mazuri ya mbele. Meneja akamwambia ya mbele ni salama, naye akajibu, "Nani amesema? Huyu?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu alisema yote ni salama, nikampigia makofi."

Akaondoka na malori matupu. Mimi hakuniaga. Nilikuwa nimejitayarishia shukrani kidogo, sitadanganya, na kule kutoagwa kulinichoma. Lakini nikifikiri sasa, angeniagaje? Mkono alikuwa hana wa kunipa.

Nilikaa Busia siku tatu zaidi nikisubiri barua yangu. Siku ya pili nilipita mlangoni mwa ghala nikawaona wapakiaji wamemwaga mahindi sakafuni, ya mbele na ya nyuma, wanayachanganya kwa makoleo ili mabaya yafichwe na mazuri. Vumbi la kijani lilikuwa limewakaa kwenye kope. Mpakiaji mwenye mvi aliniona akageuza uso. Nilikwenda kutoa taarifa kwa ofisa wa kilimo, kwa Kiingereza kilekile changu kibovu, nikijikwaa kila hatua, na safari hii hakuna aliyecheka, maana nilikuja na vijiti vyangu mkononi. Aliandika. Alichofanya baadaye sikujua.

Barua ikatoka siku ya tatu. Karani ndiye aliyenikabidhi, meneja hakutaka kuniona. Ilikuwa Kiingereza kizuri, nukta na mkato mahali pake, uandishi wa mtu yuleyule. Ilisema nimeachishwa kazi kwa kosa moja: kwamba mbele ya mteja nilijitambulisha kwa maneno yasiyo ya kweli. Kulikuwa na mstari wa kusaini, kwamba nimesoma, nimeelewa na nakubali kosa.

Karani alininong'oneza, "Madamu, usisaini. Hapana saini hiyo. Wewe nasema kweli."

Barua haikueleza ni kujitambulisha kupi, kule kwa Kiingereza au kule kwa Kiswahili. Meneja alikuwa na maana ya kule kwa pili. Niliomba kalamu, nikasaini kwa ajili ya kule kwa kwanza.